Mshahara wa mtu wa siku 3 kwa wiki: likizo ni siku 28, 17 au 12?

DukaLaKona
Habari za leo wakuu. Naandaa mishahara kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Morogoro. Mhasibu wetu analipwa 1,200,000 kwa mwezi, anaingia Jumatatu hadi Ijumaa, saa 8 kwa siku. Ameomba kuanzia Julai awe anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu, saa zilezile 8 kwa siku, na bosi amekubali.

Hesabu yangu ni hii. Siku 3 kati ya 5 ni 0.6, kwa hiyo mshahara ni 720,000. Likizo nimechukua siku 28 mara 0.6, ikatoka 16.8, nikaandika 17. Kwa mwezi huwa anapokea mkononi 928,000 baada ya NSSF na PAYE, nayo nimezidisha kwa 0.6, nikamwambia atarajie 556,800. Amegoma kusaini. Anasema nimemkata mara mbili. Nimekosea wapi? Kuna pia bima ya afya ambayo duka linamlipia kwa mwaka, sijui kama nayo naikata.

Kitonga
Hujakosea sana mkuu. Kila kitu kinakwenda kwa uwiano, ndiyo maana ya kazi ya siku pungufu. Kosa lako ni kuzungusha 16.8 kuwa 17, hiyo 0.2 hajaifanyia kazi. Andika 16.8, mpe siku 16 na saa kadhaa. Mwambie asaini, asipotaka arudi siku 5.

Mlandege_Leicester
Nathibitisha 16.8. Huku Uingereza nafanya siku 3 kwenye nyumba ya kulea wazee na likizo yangu ni 16.8 kamili. Serikali ina kikokotoo mtandaoni, unaingiza siku kwa wiki kinakupa jibu. Kisheria huku ni wiki 5.6 kwa mwaka, kwa mtu wa siku 5 inakuwa 28, wa siku 3 ni 16.8. Tumia hicho kikokotoo tu.

Mzee wa Madaftari
Hapo ndipo mlipopoteana, na mnapotezwa na namba 28 kuwa sawa nchi zote mbili. Siku 28 za Mlandege ni siku za kazi. Siku 28 za Tanzania Bara, kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni siku 28 mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwa humohumo ndani. Kwa lugha ya dukani, ni wiki 4.

Mtu wa siku 5 akikaa nyumbani wiki 4 anakosa siku 20 za kazi. Mtu wa siku 3 akikaa nyumbani wiki 4 anakosa siku 12 za kazi. Uwiano wa 0.6 umekwisha kujikata wenyewe kwa sababu wiki yake ina siku chache za kuingia. Ukichukua tena 28 ukazidisha kwa 0.6 umekata mara ya pili, na mhasibu wako ana haki ya kugoma.

Tazama inavyokuwa kwenye kalenda. Mpe siku zako 17 mfululizo kuanzia Jumatatu. Wiki ya kwanza anakosa siku 3 za kazi, ya pili 3, ya tatu anakosa Jumatatu na Jumatano, Ijumaa anatakiwa ofisini. Jumla siku 8. Alistahili 12. Umemla siku 4 za mshahara.

Sasa geuza. Kama hizo 17 ungezihesabu kama siku za kazi, kwa siku 3 kwa wiki angekaa nyumbani zaidi ya wiki 5 na nusu, na hapo umemzidishia. Namba ileile inadhulumu au inazidisha kutegemea unahesabu siku gani, na ofisi nyingi hazijaandika popote wanahesabu zipi.

Njia salama ni kuchagua moja. Ama unaandika "siku 28 mfululizo" kwa kila mfanyakazi bila kukata chochote, ama unaandika likizo yote kwa siku za kazi, 20 kwa wa siku 5 na 12 kwa wa siku 3. Zote mbili zinafika palepale. Usichanganye.

Kitonga
Kwa hiyo wa siku 3 na wa siku 5 wote wana likizo siku 28 sawa? Hiyo haingii akilini. Mmoja kafanya kazi zaidi.

Mzee wa Madaftari
Wanapumzika wiki sawa, hawalipwi sawa. Wa siku 5 akiwa likizo analipwa mshahara wa siku 5, wa siku 3 analipwa wa siku 3. Kazi ya ziada ya yule wa siku 5 imelipwa humo.

Kama bado huamini, sheria yenyewe ina njia nyingine ya kupima. Mtu akiacha kazi kabla hajachukua likizo, kifungu hichohicho cha 31 kinasema analipwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizotakiwa kufanya kazi. Mtu wa siku 5 ana siku za kazi 260 kwa mwaka, gawa kwa 13 unapata 20. Mtu wa siku 3 ana 156, gawa kwa 13 unapata 12. Hiyo 16.8 haitoki popote.

DukaLaKona
Nimeelewa kabisa, asante mzee. Likizo nafuta. Na ule mshahara wa mkononi? 556,800 siyo 0.6 ya 928,000?

Bi Tatu
Nijibu mimi hapo. Usiguse mshahara wa mkononi hata kidogo. Unazidisha mshahara kabla ya makato, halafu unakata upya kuanzia mwanzo, kwa sababu PAYE haipungui kwa mstari ulionyooka.

Mshahara wa sasa: 1,200,000. NSSF yake asilimia 10 ni 120,000. Inabaki 1,080,000 ndiyo inayokatwa kodi. Iko kwenye daraja la juu: 128,000 na asilimia 30 ya kilichozidi milioni, yaani 24,000. Kodi 152,000. Mkononi 928,000, sawa na ulivyosema.

Mshahara mpya: 720,000. NSSF 72,000. Inabaki 648,000. Hii iko daraja la kuanzia 520,000 hadi 760,000: 20,000 na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Kilichozidi ni 128,000, asilimia 20 yake 25,600. Kodi 45,600. Mkononi 602,400.

Kwa hiyo anapoteza asilimia 40 ya mshahara lakini mkononi anapoteza kama asilimia 35 tu. Zile 270,000 za mwanzo zisizo na kodi hazikatwi nusu kwa sababu mtu anakuja siku chache. Ni zake zote.

Ulimwahidi 556,800. Ungemlipa hivyo huku ritani ya TRA inaonyesha 602,400, kila mwezi ungekuwa na 45,600 isiyo na maelezo.

Chapakazi
Wakuu naomba msaada, nami ni wa siku pungufu. Nafundisha shule moja kazi kamili, na jioni kituo cha masomo ya ziada, wananilipa 350,000. Kule kituoni wananikata kodi kubwa, 94,500. Nikisoma jedwali la PAYE naona ingetakiwa kuwa 3,600 tu. Wananiibia?

Bi Tatu
Chapakazi, kwako ni jambo jingine. Hilo jedwali la madaraja linatumika kwa mwajiri wako mkuu tu. Mwajiri wa pili anakata asilimia 30 moja kwa moja, kwa sababu zile 270,000 zisizo na kodi umekwisha kuzitumia shuleni. 350,000 toa NSSF 35,000 inabaki 315,000, asilimia 30 ni 94,500. Wamekata sawasawa kabisa, na wamekuwa waaminifu kuliko wengi.

DukaLaKona, hili likuhusu na wewe. Mhasibu akipunguza siku mara nyingi anatafuta kazi nyingine Jumanne na Alhamisi. Mwambie mapema aandike nani ni mwajiri mkuu. Wote wawili mkitumia jedwali, deni la kodi linamrudia yeye.

Chapakazi
Duh. Haya nimekubali, ila inauma.

DukaLaKona
Mhasibu wetu hana kazi nyingine kwa sasa, lakini nitamtaka aandike.

Swali la pili. Mwisho wa mwezi huwa anabaki kufunga hesabu, anazidisha saa 6 au 7. Nimeweka mshahara mpya 720,000 kwenye faili letu la Eksel, ovataimu kwa saa imetoka 5,538. Zamani ilikuwa 9,231. Mbona imeshuka? Thamani ya saa yake si ileile?

Mzee wa Madaftari
Fungua hiyo seli uone fomula. Nakuwekea dau kuna 195 ndani.

DukaLaKona
Kweli. Iko hivi:

```
=C2/195*1.5
```

Mzee wa Madaftari
Basi. Hiyo 195 inatoka kwenye wiki ya saa 45, ukomo wa sheria wa saa za kawaida kwa wiki, mara wiki 4.333 za mwezi. Mtu aliyetengeneza faili aliichukulia kuwa ni namba ya kila mtu. Kwa huyu wa saa 40 ilikuwa inamwibia tangu zamani bila nyinyi kujua, kwa wa saa 24 inamwibia wazi.

Jedwali la Kwanza la sheria linasema ugawe mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa za kawaida anazofanya huyo mtu kwa wiki. Weka safu ya D yenye saa za wiki za kila mfanyakazi, halafu mshahara wa saa moja, ambao ndio unaouzidisha kwa 1.5 kupata ovataimu, ni huu:

```
=ROUND(C2/(4.333*D2),2)
```

Kwa zamani: 1,200,000 gawa kwa 173.32 ni 6,923 na senti. Kwa sasa: 720,000 gawa kwa 103.992 ni 6,923 na senti zilezile. Ndivyo unavyojua umekata sawa. Mtu akipunguza saa bila kupandishwa wala kushushwa, mshahara wa saa moja hautakiwi kusogea hata shilingi. Ukisogea kuna kigawanyo ulichosahau kubadilisha.

Fanya hivyo pia kwa siku. Mshahara wa mwezi gawa kwa 4.333 mara siku za wiki. 720,000 kwa siku 3 ni 55,389. 1,200,000 kwa siku 5 ni 55,389. Faili nyingi zina 26 au 30 kwenye kigawanyo cha siku, nazo angalia. Ukimkata siku moja ya utoro kwa kugawa 720,000 kwa 26 unamkata 27,692, nusu tu ya siku aliyokosa, halafu siku ya kumlipa likizo unamlipa nusu vilevile.

Kitonga
Hapo kwenye ovataimu nina neno. Sheria inasema ovataimu ni baada ya saa za kawaida, na saa za kawaida ni 45. Huyu ana 24. Akizidisha saa 7 amefika 31. Bado hajafika 45. Kwa nini alipwe mara 1.5? Alipwe 6,923 kwa saa, basi.

Bi Tatu
45 ni ukomo wa juu, Kitonga. Saa za kawaida za mtu ni zile alizoandikiwa kwenye mkataba. Wenzake hapo dukani wanafanya 40, wakipita 40 wanalipwa ovataimu. Huyu wa 24 akipita 24 ni hivyohivyo.

Kitonga
Basi mtu wa siku 3 akija Alhamisi analipwa 10,385 kwa saa, na wa siku 5 siku hiyohiyo ya Alhamisi, meza ya pili, analipwa 6,923. Hiyo ni haki?

Mzee wa Madaftari
Hapa Kitonga hajakosea kuuliza. Sheria imeweka ukomo wa 45 na imesema kinachozidi saa za kawaida kilipwe angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Haijaandika mstari mahususi kwa mtu wa saa pungufu. Nimeona waajiri wanaolipa kwa kila mtindo. Ninachosema ni kwamba usiache wazi. Andika kwenye mkataba: saa ya 25 hadi ya 40 inalipwa hivi, kuanzia ya 41 inalipwa hivi. Ukiacha wazi, mtu akifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mkataba wako utasomwa kwa jicho la mfanyakazi.

Bi Tatu
Mimi nasimama na mkataba. Kama umeandika 24, ya 25 ni ya ziada.

Mwana_Unguja
Samahani, naweza kutumia hesabu hizi kwa hoteli ya Nungwi? Tuna wahudumu wa siku 3 wakati wa msimu mdogo.

Mzee wa Madaftari
Hapana ndugu yangu. Sheria tunayoizungumzia ni ya Bara. Zanzibar mna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na mfuko wenu ni ZSSF. Wazo la kutokata mara mbili linabaki, lakini namba za likizo na viwango chukua kwenye sheria yenu, usichukue hapa.

Mlandege_Leicester
Kwa hiyo nami nimempotosha. Lakini nina hoja. Huku mtu wa siku 3 asiyefanya Jumatatu hupewa fidia ya sikukuu kwa uwiano, maana sikukuu nyingi zinaangukia Jumatatu. Kwenu vipi?

Bi Tatu
Kwetu sikukuu nyingi zina tarehe zake, zinaangukia siku yoyote. Ikiangukia Jumanne, siku ambayo haji, haimhusu, sheria haimtaki mwajiri ampe siku nyingine. Ikiangukia Jumatano anakaa nyumbani na mshahara wa mwezi unabaki uleule. Akiitwa afanye kazi siku ya sikukuu, analipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa siku za Jumatatu na Ijumaa huyu mhasibu ana bahati, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zote ziko kwenye siku zake.

Lakini kuna jambo zito zaidi mmelipita. DukaLaKona, mwaka wenu wa likizo unaanza lini, na amechukua siku ngapi mpaka sasa?

DukaLaKona
Januari hadi Desemba. Mwaka huu bado hajachukua hata moja.

Bi Tatu
Nilijua. Angalia sasa.

Januari hadi Juni kafanya siku 5, wiki 26, siku 130. Kwa ile hesabu ya 13, likizo aliyokwisha kuivuna ni siku 10 za kazi. Julai hadi Desemba atafanya siku 78, anavuna 6. Jumla 16.

Sasa ukimwandikia "siku 28 mfululizo" akazichukua Oktoba, siku atakazokosa kazini ni 12 tu. Siku 4 za jasho la Januari hadi Juni zimeyeyuka, na hakuna aliyedanganya mtu. Kwa 55,389 kwa siku ni kama 221,556.

Namna ya kuepuka: achukue wiki 2 za likizo kabla ya Julai, akiwa bado mtu wa siku 5. Anamaliza zile 10. Kuanzia Julai daftari linaanza sifuri, anavuna kwa mtindo mpya.

Mzee wa Madaftari
Hapo kwenye 16 sitakupinga moja kwa moja, ila mtetezi wa mwajiri atasema sheria inampa siku 28 mfululizo kwa mzunguko, na 28 amezipata, wiki 4 kamili. Ile hesabu ya 13 ni ya kulipa mtu anayeondoka.

Bi Tatu
Na mtetezi wa mfanyakazi atasema angeondoka tarehe 30 Juni angelipwa siku 10, kwa nini akibaki apate chini ya hapo?

Mzee wa Madaftari
Ndiyo maana nakubali ushauri wako wa kuzimaliza kabla. Wiki 2 za Juni zinaondoa ubishi wote.

DukaLaKona
Juni tunafunga mwaka wa hesabu, bosi hatakubali aondoke wiki 2.

Bi Tatu
Basi andikeni barua moja: "mpaka 30 Juni ana siku 10 za kazi ambazo hajazitumia, atazichukua kabla ya 31 Desemba pamoja na siku 6 za nusu ya pili." Asaini yeye, asaini bosi. Karatasi moja tu.

Mama Rehani
Nimesoma mpaka hapa na bima hamjajibu. Nami nina la kusema kwenye bima kwa sababu hapo ndipo watu huharibu.

Marupurupu siyo kitu kimoja. Yako yanayokwenda na siku, kama nauli na chakula: haji Jumanne, hahitaji nauli ya Jumanne. Ukimlipa 0.6 ya mwezi inatoka karibu na hapohapo, lakini ni bora ulipe kwa siku alizofika. Yako yanayokwenda na mshahara, kama posho ya nyumba au bonasi ya asilimia: hayo yanapungua yenyewe. Halafu yako yasiyogawanyika. Kadi ya bima haina 0.6. Akilazwa Jumanne hospitali haiulizi kama Jumanne ni siku yake ya kazi. Kampuni ya bima nayo inakutoza kwa kichwa, bei ileile.

Kwa hiyo una njia mbili. Duka linalipa yote kama zamani, au duka linalipa 0.6 na yeye anaongeza 0.4 kutoka mfukoni mwake, kwa maandishi. Njia ya tatu, kumwondoa kwenye bima kwa kuwa ni wa siku chache, mimi siiungi mkono, ila najua wengi wanaifanya.

Kitonga
Mkimlipia yote, yule wa siku 5 atalalamika.

Mama Rehani
Alalamike. Akiugua atapata matibabu yaleyale.

Mzee wa Madaftari
Naongeza vilivyo vya kisheria ambavyo havikatwi kabisa kwa uwiano. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 za pili nusu. Likizo ya uzazi siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hizo ni siku za kalenda, anapata zote. Kinachopungua ni mshahara anaolipwa ndani yake, kwa sababu "kamili" kwake ni 720,000. Nimeshaona mtu ameandikiwa uzazi wa siku 50 kwa sababu ni wa 0.6. Siku 84 mara 0.6. Mwili haujifungui kwa uwiano.

Notisi vilevile. Analipwa kwa mwezi, notisi yake ni siku 28, siyo 17.

Chapakazi
Na NSSF? Mwezi wa mtu wa siku 3 unahesabiwa nusu mwezi?

Mzee wa Madaftari
Mwezi mmoja wenye mchango ni mwezi mmoja. Zile miezi 180 za kustahili pensheni hazimuulizi amefanya siku ngapi kwa wiki. Kinachopungua ni kiasi: kwa 1,200,000 ilikuwa inaingia 240,000 kwa mwezi, ya kwake na ya mwajiri, sasa inaingia 144,000. Na pensheni inakokotolewa kwa wastani wa mshahara, kwa hiyo mtu aliyekaribia kustaafu afikirie mara mbili kabla ya kuomba siku pungufu. Mhasibu wako ana umri gani?

DukaLaKona
Kijana, 34.

Mzee wa Madaftari
Basi ana muda.

DukaLaKona
Jambo moja la mwisho. Bosi anasema kwa kuwa mhasibu amepungua, tuajiri karani wa siku 2 azibe Jumanne na Alhamisi. Sasa hivi tuko 9. Kuna tatizo?

Bi Tatu
Kuna. Ile tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara yote kabla ya makato, inaanza mwajiri akifika wafanyakazi 10. Inahesabu vichwa. Mhasibu wa siku 3 ni kichwa, karani wa siku 2 ni kichwa. Mtu mmoja aliyegawanywa mara mbili amewafikisha 10. Jumla ya mishahara yenu ni kiasi gani?

DukaLaKona
Kama milioni 5.8 na huyo karani ndani.

Bi Tatu
Basi ni 203,000 kila mwezi, ambazo mwezi uliopita hamkuwa nazo. Mpe bosi hesabu hiyo kabla hajatangaza kazi. Inaweza kuwa nafuu mhasibu aje siku 4.

Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 mnalipa tayari kwa kila mtu, hiyo haina ukomo wa vichwa.

Kitonga
Au karani awe kibarua wa kulipwa kwa siku, asiingie kwenye orodha.

Mama Rehani
Anayekuja kila Jumanne na kila Alhamisi mwaka mzima, kwa meza yake na funguo zake, siyo kibarua hata ukimwita hivyo. TRA na NSSF wakija wanauliza wafanyakazi, hawaangalii orodha yako tu.

DukaLaKona
Nitampelekea bosi zote mbili. Nikiweka mkataba mpya niandike nini, au barua ya nyongeza inatosha?

Mzee wa Madaftari
Barua ya nyongeza inatosha, mradi ameshirikishwa na amesaini, kwa sababu mnabadilisha saa na mshahara uliomo kwenye mkataba. Iandike: tarehe ya kuanza, siku na saa kwa kuzitaja, siyo "siku 3" tu, saa 24 kwa wiki, mshahara 720,000 kabla ya makato, likizo siku 12 za kazi, ambazo ni siku 28 mfululizo, ovataimu inaanzia saa ya ngapi, bima nani analipa nini, na zile siku 10 za Bi Tatu. Na weka sentensi moja kuhusu kurudi siku 5: inawezekana, kwa notisi gani, au haiwezekani bila makubaliano mapya. Hiyo sentensi watu huisahau, halafu mwaka unaofuata mfanyakazi anaamini nafasi yake ya siku 5 bado inamsubiri.

DukaLaKona
Kwenye ovataimu niandike ya 25 au ya 41?

Kitonga
41.

Bi Tatu
25.

Mzee wa Madaftari
Muulize mhasibu. Yeye ndiye anayebaki usiku wa kufunga hesabu.